Shajara ya mradi: Linux Mint kwenye kompyuta 14 za shule, na mpangilio wa kubuti ulivyotuendesha

10 Januari 2026: Tulichonacho

Chumba cha kompyuta cha shule hii ya sekondari ya kata kina mashine 14 za mezani zilizotoka ofisini zikiwa zimetumika: 10 ni Dell OptiPlex 7010 na 4 ni HP Compaq 8200 Elite. Zote zilikuwa na Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 hazipokei, kwa sababu inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 na chipu ya TPM 2.0, na hizi zina Core i5 za kizazi cha 2 na cha 3. Lakini zina RAM ya GB 4, na Linux Mint 22 toleo la Xfce linaenda vizuri kwa kiasi hicho. Uamuzi ukawa huo.

Gharama ya kuanzia: flashi mbili za GB 16, shilingi 12,000 kila moja. Faili la ISO tulilipakua mjini na kuliandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus, tukichagua MBR ili flashi iwashe mashine kwa njia ya zamani ya BIOS na kwa njia mpya zaidi ya UEFI pia.

Kabla ya kugusa mashine nilikaa na mwalimu wa TEHAMA tukaelewana kwanza kuhusu kinachotokea mtu akibonyeza kitufe cha kuwasha, maana karibu kila kilichotusumbua baadaye kilitokana na hapo. BIOS ni programu iliyo kwenye chipu ya mazabodi. Ikishakagua RAM, kibodi na diski, inafungua orodha yake ya kubuti, yaani ya vifaa vinavyoweza kuwasha mfumo, na kuipitia kutoka juu kwenda chini, kama mwalimu anayeita majina darasani, ila huyu anaacha kuita akishapata mmoja tu wa kuitika. Kwa BIOS ya zamani, kuitika maana yake ni hii: inasoma baiti 512 za mwanzo za diski au flashi, na kama baiti mbili za mwisho ni 55 AA, inaamini kuna kitu cha kuendesha, inakabidhi mashine na kujitoa. Haiangalii kama ndani kuna mfumo endeshi kweli.

Hiyo ndiyo sababu flashi ya mwanafunzi yenye nyimbo tupu, ikisahaulika nyuma ya mashine na USB ikiwa juu ya orodha, inaweza kuizuia kompyuta isiwake. Alama ya 55 AA ipo kwenye flashi, BIOS inakabidhi, na kinachobaki kwenye kioo ni `Remove disks or other media`. Diski yenye mfumo ipo palepale chini yake kwenye orodha na haikuulizwa kabisa. Chomoa flashi, bonyeza kitufe chochote, mashine inaendelea.

17 Januari 2026: Dell za kwanza, bila kugusa mpangilio

Mwalimu alikuwa ameshafungua Setup, ukurasa wa mipangilio ya BIOS, kwa F2 ili apandishe USB juu. Nilimwomba aache kwanza. Kwa kazi ya kuweka mfumo mara moja, mpangilio wa kudumu mara nyingi hauhitaji kuguswa. Dell ina menyu ya kubuti ya mara moja: bonyeza F12 mfululizo nembo inapotokea, chagua flashi, na chaguo hilo ni la safari hiyo tu. HP hizi zinatumia F9 kwa kazi hiyohiyo, na F10 kuingia Setup.

Faida yake inaonekana mwishoni mwa kazi. Vifurushi vingi vya mfumo huzima na kuwasha mashine katikati au mwisho wa kuweka. Kama USB iko juu kwenye orodha ya kudumu na flashi bado imechomekwa, mashine inarudi kwenye flashi, na kazi inaanza mwanzo tena. Fundi mmoja wa hapa mjini alituletea kisa cha namna hiyo: Windows iliyokuwa "haimalizi", kila mara inafika hatua ya kuwasha upya kisha inauliza lugha kama vile haijawahi kuwekwa. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba ujumbe wa `Press any key to boot from CD or DVD` ulikuwa unajibiwa kila ukitokea, kwa sababu mteja alidhani ni lazima. Ukiacha kubonyeza mara ya pili, au ukichomoa flashi, BIOS inashuka kwenye diski na kazi inaendelea ilipoishia. Mint yenyewe inakukumbusha uchomoe flashi na ubonyeze Enter.

Kuna hali nyingine ambazo hata menyu ya mara moja haihitajiki. Diski mpya tupu haina 55 AA, kwa hiyo BIOS inaipita na kufika kwenye USB yenyewe, ilimradi USB imo kwenye orodha. Na mtu anayepandisha Windows toleo kwa kufungua `setup.exe` akiwa ndani ya Windows ileile hahitaji kugusa chochote.

Dell za kwanza ziliisha mchana. Kila moja ilichukua kama nusu saa, sehemu kubwa ikiwa ni kunakili mafaili. Hakuna cha kusimulia zaidi.

18 Januari 2026: Mint imewekwa, mashine haioni kitu

Leo ndipo mambo yalipokaza. Dell moja ilimaliza kuweka Mint bila kosa lolote, ikajizima na kuwaka, kisha kioo kikabaki cheusi na kistari kinachopepesa pembeni juu. Tukawasha tena, ilikuwa hivyohivyo. Tukarudia kuweka Mint yote, na matokeo hayakubadilika. Mwalimu akaanza kuishuku diski.

Niliwasha kwa flashi ile, nikaingia kwenye Mint ya majaribio na kuangalia diski. Mafaili yote yalikuwepo. Nikaandika hii kwenye terminal:

```
[ -d /sys/firmware/efi ] && echo UEFI || echo BIOS
```

Jibu likawa `UEFI`. Kisha nikazima, nikaingia Setup kwa F2, kwenye General, halafu Boot Sequence. Upande wa kulia kuna kipengele cha Boot List Option, na kilikuwa kimewekwa Legacy. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Mashine za umri huu zina njia mbili za kubuti ndani ya chipu moja. Njia ya Legacy ni ile ya baiti 512. Njia ya UEFI haitazami baiti hizo. Yenyewe inatafuta faili kwenye sehemu ndogo ya diski iliyoumbizwa kwa FAT32, na orodha yake ina majina ya mafaili hayo badala ya majina ya diski. Menyu ya F12 kwenye Dell hizi inaonyesha njia zote mbili kwa pamoja, chini ya vichwa viwili, `LEGACY BOOT` na `UEFI BOOT`, na flashi yetu ilitokea chini ya vyote viwili. Safari hii ilichaguliwa ile ya chini. Mint ilipoona imewashwa kwa UEFI, ikajiweka kwa UEFI, kama inavyopaswa. Ila orodha ya kudumu ilibaki Legacy, kwa hiyo mashine ilipowaka peke yake ilikwenda kutafuta kwenye baiti za mwanzo za diski, ambako Mint haikuacha chochote cha kuendesha.

Kwa hiyo hapa ndipo kubadilisha mpangilio kunakuwa lazima: njia uliyowashia flashi na njia ambayo mashine itawakia kila siku zikitofautiana. Tuligeuza Boot List Option kuwa UEFI, Apply, Exit. Kwenye orodha likatokea jina `ubuntu`. Msishtuke mkiliona: Linux Mint inatumia jina hilo kwa sababu imejengwa juu ya Ubuntu. Likiwa juu, mashine iliwaka moja kwa moja. Hatukuhitaji kuweka Mint upya.

Tukaamua Dell zote zitakazofuata ziwekwe UEFI kwenye Setup kwanza, ndipo flashi ichomekwe. Kwa namna hiyo, mtu akichagua flashi chini ya `UEFI BOOT` kwenye F12, njia zote mbili zinalingana. Ukiwa ndani ya Mint, orodha ya UEFI inasomeka kwa `efibootmgr`:

```
BootCurrent: 0003
BootOrder: 0003,0001
Boot0001* Onboard NIC(IPV4)
Boot0003* ubuntu
```

Mstari wa `BootOrder` ndio mpangilio wenyewe, na ukitaka kuubadilisha bila kuingia Setup, `sudo efibootmgr -o 0003,0001` inatosha. Amri hii haifanyi kazi kwenye mashine iliyowashwa kwa Legacy.

Anayeweka Windows atakutana na tatizo hilihili kwa sura nyingine. Akiwasha flashi kwa Legacy huku diski ikiwa imegawanywa kwa GPT, mtindo unaoendana na UEFI, Windows itakataa kwa maneno haya: `Windows cannot be installed to this disk. The selected disk is of the GPT partition style.` Wengi hapo wanafuta diski nzima. Kama ndani mna kazi za watu, zima kwanza, rudi kwenye menyu ya kubuti na uchague flashi ileile kwenye mstari ulioandikwa UEFI. Kosa litaondoka na diski itabaki ilivyo.

24 Januari 2026: Mashine ya mhasibu, diski mbili

HP tatu ziliwekwa Mint kwa Legacy, F9, bila tatizo. Ya nne ni ya ofisi ya mhasibu, na hii ilihitaji uangalifu. Diski yake ya GB 500 ina Windows na programu ya ada ambayo haina toleo la Linux, kwa hiyo haifutwi. Tulinunua SSD ya GB 120 kwa shilingi 45,000, tukaifunga pembeni ya ile ya zamani ili Mint ikae humo, na mhasibu aende Windows pale tu anapohitaji programu yake. Kwa kuwa msaada wa Windows hiyo umeisha, tulikubaliana pia kwamba akiwa humo atachomoa waya wa mtandao.

Kabla ya kuanza tulithibitisha ipi ni ipi:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL
```

Diski ya zamani ilikuwa `sda`, SSD ikawa `sdb`. Kwenye hatua ya kugawa diski tulichagua Something else, na chini kabisa ya ukurasa ule kuna kisanduku cha kuuliza kipakiaji cha kubuti, yaani GRUB, kiandikwe wapi. Chenyewe kilikuwa kimejichagulia `sda`. Tukaweka `sdb`, ili baiti za mwanzo za diski ya mhasibu zisiguswe na Windows yake ibaki na uwezo wa kuwaka hata SSD ikitolewa.

Mashine ikawaka upya, ikaenda moja kwa moja Windows. Hakuna menyu ya GRUB, hakuna dalili yoyote kwamba Mint ipo.

Mhasibu aliuliza, "Fundi, mbona kazi haijaingia?" Nilimwonyesha kwenye kioo. Kazi iliingia, ila BIOS bado inaita diski ya zamani kwanza, diski inaitika kwa sababu Windows yake ni nzima kabisa, na kwa kuwa BIOS inaacha kuita ikishapata jibu, SSD haifikiwi. Kwenye mashine yenye diski moja jambo hili halitokei, na ndiyo maana tuliweka HP tatu bila kukutana nalo.

Tiba: F10, Storage, Boot Order, chini ya Legacy Boot Sources. Pale kila mtu anaona mstari wa Hard Drive na kudhani ni kifaa kimoja. Ni kundi. Lifungue, utaona diski zote mbili ndani yake zikiwa na mpangilio wao wenyewe. SSD ilikuwa ya pili. Tukaipandisha, tukakubali kwa F10, kisha File na Save Changes and Exit. Mtu akisahau hatua hiyo ya mwisho, mabadiliko yanapotea bila onyo. Mashine ikawaka na menyu ya GRUB, Mint juu, Windows chini yake.

Kwenye mashine nyingine za zamani kundi hili linaitwa Hard Disk Boot Priority, na flashi nayo huorodheshwa humo kama diski. Mtu anaweka USB juu kwenye orodha kuu, flashi haiwaki, anaona flashi mbovu. Afungue kundi la diski. Mara nyingi flashi yake imekaa ya pili huko.

26 Januari 2026: Windows imerudi

Jumatatu asubuhi mwalimu alipiga simu: mashine ya mhasibu imeingia Windows tena peke yake. Hakuna aliyeigusa. Umeme ulikatika Jumapili usiku.

Nilipofika niliizima na kuiwasha nikiangalia kioo kwa makini. Kabla ya nembo kuondoka ulipita ujumbe: `163-Time & Date Not Set`. Kwenye Windows tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, na kwa kuwa waya wa mtandao ulikuwa bado umechomekwa, tovuti za benki zilionekana zinakataa kufunguka kwa sababu ya cheti cha usalama. Dalili hizo mbili zinaelekeza sehemu moja: betri ya CR2032, ile bapa yenye umbo la sarafu kwenye mazabodi. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio ya BIOS mashine ikiwa haina umeme wa ukutani. Ikiwa imekufa, kila umeme unapokatika mashine inarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na kwa mashine hii mpangilio huo unaanza na diski iliyo kwenye tundu la kwanza la SATA, yaani ya zamani.

Niliipima kwa mita: volti 1.1, wakati mpya ina volti 3. Betri mpya shilingi 2,500. Nikachomoa waya wa umeme, nikabadilisha betri, nikaweka saa na tarehe, nikapandisha SSD tena. Kisha nikaichomoa ukutani kwa robo saa na kuirudisha. Mpangilio ulibaki.

Mashine ina umri mkubwa, na betri za aina hii zikishazidi miaka kadhaa huchoka. Tulipima zote 14 siku ileile. Nyingine nne zilikuwa chini ya volti 2.5, zikabadilishwa. Nashauri anayefuata mradi huu aanze na betri kabla hajagusa mpangilio wowote, kwa sababu bila betri nzima anaandika kwenye maji.

31 Januari 2026: Kufunga

Dell mbili zilikuwa zinawaka polepole kuliko wenzake, zikisimama kwenye kioo cheusi chenye `PXE-E61: Media test failure, check cable`. Hili si kosa la diski. Huko zilikotoka zilikuwa zinawekwa mfumo kupitia seva ya mtandao, kwa hiyo kadi ya mtandao ilikuwa juu ya orodha. Inaulizwa kwanza, inasubiri, inashindwa, ndipo diski inapofikiwa. Tukaishusha chini, tukaondoa tiki. Mashine inawaka sasa bila kusimama. Kwenye ofisi yenye seva ya kusambaza mfumo, mtandao juu ya orodha ni sahihi, hapa hatuna.

Mpangilio wa mwisho kwa mashine zote ni diski yenye Mint juu, USB na mtandao bila tiki, na nywila ya msimamizi kwenye Setup. Nywila imeandikwa kwenye daftari la vifaa lililofungiwa ofisini kwa mkuu wa shule, kwa sababu mashine yenye nywila iliyosahaulika ni kazi ya kufungua kasha na kuhamisha jampa.

Matumizi yote:

- flashi mbili: 24,000
- SSD ya mhasibu: 45,000
- betri tano: 12,500
- jumla: shilingi 81,500

Imebaki kompyuta mpakato moja ya mwalimu wa taaluma. Hiyo inawaka haraka mno hata F2 haipokelewi, kwa sababu Windows yake inapozimwa haizimiki kabisa. Ni ya UEFI, kwa hiyo badala ya kugombana na kibodi nitafungua Command Prompt kama msimamizi na kuiambia iwake upya ikiwa ndani ya Setup:

```
shutdown /r /fw /t 0
```

Anasubiri matokeo ya kidato cha nne yamalizike kuchapishwa ndipo ailete.